Jedwali la kulinganisha tafiti za kumgeuza mgonjwa: kila kundi lipate mstari wake

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi wa wodi ya mifupa hapa Moshi, nasoma shahada huku naendelea na kazi. Nimekusanya makala 14 kuhusu kuzuia vidonda vya mgandamizo kwa kumgeuza mgonjwa, nikaziweka kwenye Excel: mwandishi, mwaka, nchi, mbinu, matokeo. Msimamizi amelirudisha jedwali na maneno manne: "Hii ni orodha tu." Makala moja inasema masaa mawili, nyingine manne, nyingine inasema hakuna tofauti. Nizilinganishe vipi?

Jibu: Marahaba, dada. Msimamizi wako ameona sawasawa, na kosa haliko kwenye makala ulizokusanya. Liko kwenye uamuzi uliofanya kabla hujaandika chochote: umeipa kila makala mstari mmoja. Jaribio la kumgeuza mgonjwa huwa na makundi mawili, matatu, hata matano ya wagonjwa, na kinacholinganishwa ni makundi hayo. Ukiyabana yote kwenye mstari mmoja, mambo yanayoeleza kwa nini matokeo yametofautiana yanazama ndani ya kisanduku cha "mbinu". Kisanduku kilichojaa maelezo hakichujwi wala hakipangwi, unaweza kukisoma tu.

Basi anza upya kwa kanuni hii: mstari mmoja ni kundi moja la wagonjwa. Makala yenye makundi matano inachukua mistari mitano, na jina la jaribio linarudiwa kwenye safu ya kwanza ya kila mstari. Usizijaze zote 14 kwa mkupuo. Chukua tatu zinazoonekana kupingana, uzijaze hadi uone zinapingana wapi, ndipo uamue safu za jedwali lako. Nitakuonyesha kwa majaribio matatu ambayo bila shaka yamo kwenye rundo lako, kwa sababu ni vigumu kuandika juu ya mada hii bila kukutana nayo: la Defloor na wenzake la Ubelgiji (2005), la Moore na wenzake la Ayalandi (2011), na lile linaloitwa TURN la Marekani na Kanada, la Bergstrom na wenzake (2013).

Tuanze na la Ubelgiji, maana ndilo linalowapoteza wengi. Lilihusu wazee 838 katika nyumba za kutunzia wazee, waliofuatiliwa kwa wiki nne. Kwa jedwali lako la sasa, ungeandika kwenye matokeo: "Kugeuza kila saa 4 ni bora kuliko kila saa 2." Sentensi hiyo utaikuta imenukuliwa hivyo hivyo katika tasnifu nyingi. Sasa tazama makundi yale yale yakipewa mistari yao:

| Kundi | Kugeuzwa kila | Godoro | Waliopata daraja la 2 au zaidi |
|---|---|---|---|
| A | saa 2 | la kawaida | 14.3% |
| B | saa 3 | la kawaida | 24.1% |
| C | saa 4 | viskoelastiki | 3.0% |
| D | saa 6 | viskoelastiki | 15.9% |
| E | huduma ya kawaida | mchanganyiko | 20.0% |

Soma safu ya godoro kutoka juu kwenda chini. Hakuna kundi la saa 4 kwenye godoro la kawaida, wala kundi la saa 2 kwenye viskoelastiki, yaani sponji lile linaloufuata mwili na kurudi taratibu ukiinuka. Kwa hiyo ukilinganisha A na C umebadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja. Ulinganisho ambao godoro limebaki lile lile ni A na B, au C na D, na humo ndani mambo yanakaa tulivyozoea: muda ukirefuka, vidonda vinaongezeka. Utafiti ule haukusema kwamba saa 4 zinazishinda saa 2. Ulisema kwamba saa 4 juu ya godoro lile ziliwafaa wazee wale kuliko mipango mingine iliyojaribiwa.

Sababu yake unaiona wodini kila siku. Kinachoua ngozi ni uzito unaokandamiza mahali pamoja ukizidishwa na muda. Godoro linalopokea mwili kwenye eneo pana hupunguza uzito unaoangukia mfupa, na ngozi ikapata nafasi ya kuvumilia muda mrefu zaidi. Ndiyo maana katika mada hii safu ya "saa" haisomeki peke yake. Mwenzake wa lazima ni safu ya godoro, na zikae jirani kabisa, zisitenganishwe na mwaka au nchi.

Katika kujaza safu ya godoro, usiridhike na neno "godoro la kuzuia vidonda" lililomo kwenye ikisiri. Nenda sehemu ya mbinu ndani ya makala uandike aina yake: sponji la kawaida, sponji nzito, viskoelastiki, au la upepo linalobadilisha mgandamizo kwa zamu. Kama mwandishi hakutaja, andika "halikutajwa". Usiache tupu, kwa sababu miezi miwili baadaye hutajua kama kisanduku kitupu maana yake mwandishi hakusema au wewe hukusoma.

Makala hiyo hiyo ya Ubelgiji inakufundisha safu ya pili usiyokuwa nayo: wamehesabu kuanzia daraja gani. Nimekuonyesha hesabu ya daraja la 2 kwenda juu, pale ngozi imeshachubuka au kutoka lengelenge. Lakini watafiti walihesabu pia daraja la 1, yaani wekundu usiofifia ukibonyezwa kwa kidole. Hapo makundi yalikuwa kati ya asilimia 34.8 na 38.1, hakuna aliyemzidi mwenzake kwa maana yoyote. Jaribio moja, wazee wale wale, wiki zile zile: ukihesabu daraja la 1 unaandika "hakuna tofauti", ukihesabu daraja la 2 kwenda juu unaandika "tofauti kubwa". Ninaamini sehemu ya mkanganyiko ulionao imetoka hapa. Wekundu wa daraja la 1 mara nyingi hurudi mgandamizo ukiondolewa mapema, kwa hiyo wengi wanaoupata hawafiki kwenye kidonda cha wazi, na hesabu hizo mbili zinapima mambo mawili tofauti.

Kwa hiyo "matokeo" yagawe. Safu moja iseme kilichohesabiwa na kuanzia daraja gani. Nyingine iseme siku za ufuatiliaji. Nyingine mbili zibebe namba tupu: waliopata, na waliofuatiliwa. Kama makala imetoa hesabu mbili kama hii ya Ubelgiji, kundi moja lipate mistari miwili, mmoja wa kila hesabu. Jedwali litarefuka, lakini utaweza kuchuja daraja la 2 peke yake na kubaki na vitu vinavyolingana.

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi zaidi kuliko waandishi wa makala hizo. Wekundu ule huonekana vizuri kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi mara nyingi hauonekani kabisa, na muuguzi hutegemea joto la mahali pale, ugumu au ulaini usio wa kawaida, maumivu, na rangi iliyokolea kuliko ngozi ya pembeni. Basi kwa kila makala andika daraja la 1 lilitambuliwaje: kwa kidole, kwa kipande cha plastiki angavu, au kwa kugusa na kuuliza maumivu. Ukija kuweka pembeni utafiti wa Ulaya wenye theluthi nzima ya wagonjwa katika daraja la 1 na utafiti wa hospitali ya Afrika Mashariki wenye wachache, usiharakishe kusema kwetu vidonda ni vichache. Inawezekana kabisa havikuonekana. Msimamizi atakuheshimu ukiwa na safu hiyo, kwa sababu wengi hawana.

Sasa tuingie Ayalandi. Moore na wenzake walichukua wagonjwa 213 kutoka hospitali 12 za huduma ya muda mrefu, wakawafuatilia kwa wiki nne. Kundi moja liligeuzwa usiku kila saa 3 kwa mlalo wa nyuzi 30. Kundi la pili lilipata huduma iliyozoeleka, usiku kila saa 6 kwa mlalo wa ubavu wa nyuzi 90. Waliopata vidonda walikuwa 3 kati ya 99 katika kundi la kwanza, na 13 kati ya 114 katika la pili. Ni tofauti kubwa, na ukiiweka kwenye jedwali lako la zamani ungeandika: "Kila saa 3 ni bora kuliko kila saa 6."

Lakini ukiwa na safu ya mkao iliyojitenga na safu ya saa, jicho linaona mara moja kwamba vimebadilika vyote viwili. Mlalo wa nyuzi 90 unauweka uzito juu ya mfupa wa nyonga, sehemu yenye nyama kidogo. Mlalo wa nyuzi 30, mgonjwa akiegemezwa kwa mto mgongoni, unaupeleka uzito kwenye nyama ya tako na kuuachia nafasi mfupa wa nyonga na ule wa juu ya kifandugu. Inawezekana kilichowaokoa ni mkao, inawezekana ni muda, inawezekana ni vyote. Jaribio lile halina kundi la nyuzi 30 kila saa 6, kwa hiyo haliwezi kutenganisha. Andika hivyo hivyo kwenye safu ya mwisho ya maoni yako: "muda na mkao vimebadilika pamoja."

Kuna safu nyingine inayozaliwa na jaribio hili: saa zipi za siku. Mpango wao ulikuwa wa usiku. Mtu akiunukuu kama ratiba ya saa 24 ameongeza kitu kisichokuwemo. Kwa wodi yenye wauguzi wachache usiku, hii si habari ndogo.

Tena vidonda vyote vilivyoonekana kule vilikuwa vya daraja la 1 au la 2. Hivyo ile asilimia 11 ya kundi la pili imebeba na wekundu ndani yake. Usiipange kando ya asilimia 14.3 ya kundi A la Ubelgiji ukasema zinakaribiana, maana ile ya Ubelgiji imewaacha nje wote wa daraja la 1.

Jaribio la tatu, TURN, ndilo lililokupa "hakuna tofauti". Wazee 942 katika nyumba 27 za kutunzia wazee walipangwa kwa nasibu kugeuzwa kila saa 2, 3 au 4, wote wakiwa juu ya magodoro ya sponji nzito, kwa wiki tatu. Waliopata vidonda: 8 kati ya 321, 2 kati ya 326, na 9 kati ya 295. Jaza safu ya godoro na utaona uzuri wa jaribio hili: mistari mitatu, godoro aina moja. Muda ndio uliobadilishwa kwa makusudi. Kwa swali la "kila saa ngapi", hili ni safi kuliko yale mawili.

Ila usilisome kupita linavyosema. Soma safu ya waliopata: jumla ni 19 kati ya watu 942, yaani asilimia 2. Katika Ubelgiji, kundi la huduma ya kawaida lilikuwa na asilimia 20 ya daraja la 2 na zaidi. Pengo hilo la mara kumi ni kubwa kuliko tofauti yoyote ya ratiba utakayoiona ndani ya TURN, na haliwezi kuelezwa na saa peke yake. Huenda linaelezwa zaidi na watu, magodoro na uangalizi. TURN iliwachukua waliokuwa kwenye hatari ya kati na ya juu kwa kipimo cha Braden, alama 10 hadi 14, ambao hawakuwa na kidonda siku ya kuanza. Wenye alama 9 kushuka chini hawakuwemo. Kumbuka kwamba kwenye Braden alama ndogo ndiyo hatari kubwa, kuanzia 6 hadi 23. Watu huigeuza wakijaza haraka, na kosa hilo halijionyeshi mpaka uanze kuandika.

Kwa hiyo kinachoweza kuandikwa kwa uaminifu ni kwamba, kwa wazee wa hatari ya kati na ya juu walio juu ya sponji nzito na wanaokaguliwa kwa karibu, jaribio halikuonyesha kwamba kurefusha muda kutoka saa 2 hadi 4 kuliongeza vidonda. Hilo si sawa na kusema muda hauna maana. Na wala usishawishike na zile asilimia 0.6 za kundi la saa 3, ukaandika kuwa saa 3 ndiyo ratiba bora. Ni watu wawili. Wakiongezeka wawili wengine asilimia inakuwa maradufu.

Hii ndiyo sababu nakusisitiza uandike namba tupu na usiridhike na asilimia. Katika kundi C la Ubelgiji, asilimia 3.0 ni wagonjwa 2 kati ya 66, na mgonjwa mmoja pale ana uzito wa asilimia moja na nusu. Ikisiri haikuambii hayo. Inakupa tu kwamba makundi mengine yalikuwa "kati ya 14.3 na 24.1". Namba zenyewe ziko kwenye majedwali ya ndani, kwa hiyo usijaze hata safu moja ya matokeo kutoka kwenye ikisiri. Kama makala imefungwa, muulize mkutubi wa chuo chako kuhusu Hinari, mpango wa WHO wa kufungulia nchi zenye kipato kidogo majarida ya afya, kabla hujakata tamaa. Nyingi za majarida ya uuguzi hupatikana humo.

Kwenye Excel, usiziandike namba hizo kwa mkwaju. Ukiandika 3/99 kwenye kisanduku, programu inadhani ni Machi 1999 na kukugeuzia iwe Mar-99. Ukiandika 2/66 inakuwa Feb-66. Lakini 13/114 inaachwa kama ilivyo kwa sababu hakuna mwezi wa 13, hivyo kosa linatokea kwenye baadhi ya mistari tu na unaweza usilione. Tenga safu mbili, tuseme J ya waliopata na K ya waliofuatiliwa, na asilimia ijihesabu yenyewe kwenye L:

```
=ROUND(100*J2/K2,1)
```

Jibu likitofautiana na asilimia iliyochapishwa, usirekebishe kimyakimya. Mara nyingi sababu ni kwamba mwandishi amegawanya kwa wote walioanza, nawe umegawanya kwa waliobaki hadi mwisho, na idadi ya walioacha njiani ni habari inayostahili kuandikwa. Vivyo hivyo safu ya saa iwe namba peke yake, 2, 3, 4, na neno "saa" likae kwenye kichwa cha safu. Ukichanganya "2" na "saa 2" kichujio kitaviona kama vitu viwili. Kwa safu zenye majibu machache, kama godoro na mkao, tumia `Data Validation` kwa mtindo wa `List` ili uchague jibu badala ya kuliandika. Hapo "viskoelastiki" haitaandikwa kwa tahajia tatu.

Safu ya ubora wa utafiti wengi huijaza kwa "mzuri", "wastani", "dhaifu", na haisaidii. Andika mambo mawili tu, kwa maneno. La kwanza: nani alikagua ngozi, na je, alijua mgonjwa yuko kundi gani? Jaribio la Ayalandi lilikuwa la wazi, na anayeamua kama wekundu umefifia au haujafifia anaweza kuvutwa na anachokitarajia, hasa kwenye daraja la 1. La pili: kilichopangwa kwa nasibu ni mgonjwa mmoja mmoja, au ni kituo kizima? Ayalandi walipanga kwa vituo, TURN walipanga kwa mtu. Wagonjwa wa kituo kimoja hufanana, wanashiriki wauguzi na magodoro, kwa hiyo wagonjwa 213 waliopangwa kwa vituo 12 hawana nguvu ya ushahidi sawa na 213 waliopangwa mmoja mmoja.

Kabla hujaendelea na zile 11 zilizobaki, zikague kama zote ni tafiti za kujitegemea. Kuna makala mbili au tatu zinazotoka kwenye jaribio moja. Kwa mfano lile la Ayalandi lina makala nyingine ya gharama, yenye wagonjwa wale wale 213. Ukiipa mistari yake kama utafiti mpya umewahesabu watu mara mbili. Ndiyo kazi ya safu ile ya kwanza ya jina la jaribio. Mapitio ya Cochrane kuhusu kumgeuza mgonjwa, yaliyohuishwa mwaka 2020, nayo yasiingie humu. Yamekusanya majaribio ambayo tayari unayo, kwa hiyo yaweke kwenye ukurasa wa pembeni, uyatumie kukagua kama kuna jaribio umelikosa. Na kama ulitafuta kwa jina moja tu, rudi utafute tena. Mwaka 2016 bodi ya Marekani ya vidonda hivi iliviita upya, kutoka "pressure ulcer" kuwa "pressure injury", na makala nyingi za baadaye hutumia jina jipya:

```
("pressure ulcer*" OR "pressure injur*" OR decubitus OR bedsore*)
AND (turning OR repositioning)
```

Safu ya mwisho ni ya wodi yako, na hii hakuna makala itakayokujazia. Majaribio yote matatu ni ya wazee wanaoishi kwenye vituo, kwa wiki tatu au nne. Wodi yako ya mifupa ina vijana walioanguka na bodaboda, mguu ukiwa kwenye traksheni. Mgonjwa wa namna hiyo huwezi kumlaza ubavu nyuzi 90 hata ukitaka. Nyuzi 30 zenyewe huenda zisiwezekane bila kuvuruga mstari wa mvuto, na kinachobaki ni yeye kujiinua kidogo kwa mikono yake na kunyanyuliwa kisigino kisiguse godoro. TURN walihesabu vidonda vya kifandugu na mfupa wa juu yake, nyonga, na visigino. Kwa wagonjwa wako wa traksheni mzigo unaangukia zaidi mfupa ule wa juu ya kifandugu na kisigino. Kwa hiyo kichwa cha safu hiyo kiwe "Linawezekana kwa mgonjwa wa traksheni?" na jibu liwe ndiyo, hapana, au kwa sehemu, pamoja na sababu kwa maneno machache. Ongeza na nani aliyegeuza. Kama ni mhudumu aliyefunzwa na kusaini kila zamu, na kwenu ni ndugu wa mgonjwa anayesaidia saa za kutazama wagonjwa, tofauti hiyo iandikwe.

Ukishamaliza, acha kusoma kwa mstari na usome kwa safu. Chuja godoro moja, soma saa. Chuja daraja la 2 na zaidi, soma waliopata. Kila unachokiona kwa kuchuja ndicho kinachokuwa aya, na majina ya waandishi yanaingia kama ushahidi, si kama wenye aya. Kwa tafiti hizi tatu aya yako ingeweza kusomeka hivi:

"Katika jaribio ambalo godoro lilikuwa la aina moja (TURN, 2013), kurefusha muda wa kugeuza kutoka saa 2 hadi 4 hakukuonekana kuongeza vidonda, ingawa vidonda vyenyewe vilikuwa vichache, 19 kati ya wazee 942. Matokeo ya Ubelgiji (2005) yanayoonekana kuipa saa 4 ushindi hayawezi kutenganishwa na godoro, kwa kuwa makundi ya saa 4 na 6 pekee ndiyo yaliyolazwa kwenye viskoelastiki. Katika jaribio hilo la Ubelgiji, ndani ya aina moja ya godoro, muda mrefu uliambatana na vidonda vingi zaidi. Jaribio la Ayalandi (2011) nalo lilibadilisha muda na mkao kwa pamoja, na lilihusu usiku. Hakuna kati ya haya lililohusisha wagonjwa wa traksheni."

Linganisha na "Defloor alisema, Moore alisema, Bergstrom alisema". Sentensi ya mwisho ya aya ile ndiyo pengo lako la utafiti, na imetoka kwenye safu, hukulazimika kuitafuta. Mpelekee msimamizi mistari ya majaribio haya matatu, pamoja na aya moja ya namna hiyo, kabla hujajaza zile nyingine. Akikutaka uongeze safu, ni nafuu kurudi kwenye makala tatu kuliko kurudi kwenye 14.